Jibu litufikie kabla ya karo: barua ya wazi kutoka Lamu kuhusu shahada za masafa

Kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), Nairobi. Kwa mamlaka ya kitaifa inayosimamia mfumo wa sifa za elimu (KNQA). Kwa Idara ya Elimu ya Kaunti ya Lamu na kamati za basari za wadi zetu.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi nina saiba ndogo hapa Langoni, karibu na njia kuu. Kazi yangu ni kuchapisha, kunakili, kujaza fomu za HELB na za KUCCPS, na kumsomea mtu barua iliyoingia kwenye simu yake. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, na kila muhula mpya ukikaribia, barua za kuingia chuoni hupita mikononi mwangu kabla hazijafika kwa baba au kwa kamati ya basari. Kwa hiyo ninayowaandikia ni mambo niliyoyaona kwenye karatasi zenyewe.

Jambo langu ni moja. Njia ya kujua kama shahada inatambuliwa hapa Kenya imewekwa mwisho wa safari, wakati mtu ameshalipa na ameshamaliza. Fomu za kutambuliwa kwa shahada ya nje ninazowajazia watu hapa zinataka cheti cha mwisho, transkripti, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho. Mwenye kuvaa joho anazo zote. Mwenye barua ya wakala anayeandikisha wanafunzi na siku saba za kulipa hana hata moja, na ndiye mwenye haja ya jibu kuliko yule wa kwanza.

Niwaeleze kwanza kilichotupata nyumbani. Mtoto wa dada yangu alisoma miaka mitatu katika kituo kimoja cha masomo huku pwani. Kituo kilikuwa na vyumba viwili juu ya duka, bango zuri, na jina la chuo kikuu cha nje lililoandikwa kwa herufi za dhahabu. Chuo hicho kipo kweli, wala si cha kubuni. Dada aliuza mkufu wake wa harusi kulipa mwaka wa pili. Kijana alimaliza, akapiga picha na joho, na picha ikatundikwa ukumbini pale wageni wanapokaa. Alipoitwa kwenye usaili wa kazi yake ya kwanza ya maana, aliambiwa alete barua ya kutambuliwa kwa shahada. Hapo ndipo tulipojua kwamba chuo kile hakikuwa na idhini ya kufundisha shahada kupitia kituo kile hapa nchini. Kituo kilikuwa kimeshafungwa, na simu ya wakala ilikuwa haiiti. Picha bado ipo ukutani kwa sababu dada hataki itolewe, na mimi sina ujasiri wa kumwambia aitoe.

Tulikosea wapi? Tuliuliza kama chuo kipo, tukajibiwa kipo, tukaridhika. Hatukujua kwamba swali hilo lina maswali mengine ndani yake: je, kozi hii imeidhinishwa, inafundishwa kwa njia hii, yaani kwa masafa au kwa mtandao, inafundishwa mahali hapa, na inamchukua mtu mwenye alama hizi? Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, na kozi yako ikawa nje ya uhalali huo.

Kwa vyuo vya hapa nyumbani mambo si magumu, mtu akijua pa kuangalia. Tovuti ya Tume, cue.or.ke, ina orodha ya vyuo vikuu na hali ya kila kimoja: vyenye hati kamili, vyuo vikuu vishiriki, na vyenye barua ya idhini ya muda. Hali hiyo hubadilika, na ndiyo maana tarehe ya orodha ni jambo kubwa. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi walipata hati yao 2013. Kabla ya hapo walikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Anayeangalia orodha kuukuu iliyosambazwa WhatsApp anaona hali ya zamani na kudhani ni ya leo. Nimeona wakala akitumia orodha ya namna hiyo, ukurasa mmoja tu uliokatwa, bila kichwa wala tarehe.

Orodha ya pili ndiyo wengi hawaijui, nayo ndiyo inayookoa watu. Ni ile ya kozi zilizoidhinishwa, chuo kwa chuo. Hapo inabidi usome jina la kozi neno kwa neno, kama mtu anayesoma jina kwenye hati ya shamba. Mwezi fulani alikuja kijana na barua ya shahada ya afya ya jamii. Chuo kilikuwemo, na kozi ya afya ya umma ilikuwemo, lakini ile ya kwenye barua yake haikuwemo. Wakala alimwambia ni kitu kimoja. Huenda mafundisho yanafanana, lakini cheti kitaandikwa jina lile la barua, na jina hilo ndilo litakalotafutwa siku ya kazi. Kijana alipiga simu kwa msajili wa chuo chenyewe, kwa nambari ya kwenye tovuti ya chuo na si ile ya wakala, akaambiwa kozi hiyo bado haijaanza kupokea wanafunzi. Simu moja ilimaliza maneno.

Kwa shahada za nje ndiko tunakoumia, na hapa nitasimulia kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikae kuandika.

Mwaka huu alinijia mwalimu mmoja wa chekechea kutoka Matondoni. Ana diploma ya elimu ya watoto wadogo, na kidato cha nne alipata C. Ana watoto wawili na mama mgonjwa. Kwenda kukaa Nairobi au hata Kilifi hawezi. Anachotaka ni shahada ya ualimu ili siku moja afundishe sekondari. Alipata wakala kwenye kundi la WhatsApp, na wakala akamtumia barua ya kuingia chuo kikuu kimoja cha India. Barua ilisema atasoma B.Ed kwa masafa, miezi kumi na minane, mitihani ifanyike katika kituo kilichoko Malindi. Alitakiwa kutuma shilingi 45,000 za mwanzo ndani ya siku saba ili apate punguzo. Alikuja kwangu nimchapishie barua aipeleke kwenye basari.

Nilimwomba anipe jioni moja. Tulikaa baada ya Isha, mlango umefungwa nusu, tukaanza.

Swali la kwanza: je, chuo hiki kinajulikana kwao? Kila nchi ina mlinzi wake wa vyuo. Tanzania wana TCU, Uganda wana NCHE, na India wana UGC, tume yao ya ruzuku za vyuo vikuu. Tovuti ya UGC ni ugc.gov.in. Ina orodha ya vyuo vikuu halali, na ina pia orodha ya vyuo bandia ambayo tume yenyewe huitangaza. Jina la chuo cha mwalimu lilikuwa kwenye orodha ya halali, na halikuwa kwenye ile ya bandia. Mwalimu alifurahi. Wakala naye alikuwa ameshamtumia picha ya ukurasa huohuo, tena hakudanganya.

Swali la pili ndilo lililotuamsha. India imetenganisha ruhusa ya kufundisha darasani na ruhusa ya kufundisha kwa masafa au kwa mtandao. Ruhusa hii ya pili hutolewa na ofisi ya elimu ya masafa ya UGC, iitwayo DEB, na orodha zake ziko deb.ugc.ac.in. Haitolewi kwa chuo chote jumla na kwa milele. Orodha hutoka kwa mwaka na kwa muhula wa kuanza, ikitaja chuo na kozi kinazoruhusiwa. Ina maana chuo kikubwa kinachosifika kinaweza kuruhusiwa kozi tatu kwa masafa na kukosa ruhusa ya nne. Tulifungua orodha ya muhula wa mwalimu. Chuo kilikuwemo, kwa kozi za sanaa na za biashara. B.Ed haikuwemo.

Nilimwona akisogea karibu na skrini. Alisoma mara mbili kwa kidole.

Tukaendelea, kwa sababu nilitaka aelewe ni kwa nini haimo. Kule India B.Ed kwa kawaida si shahada ya kwanza ya miaka minne kama huku kwetu. Mtu huanza kwa shahada nyingine, ya sanaa au ya sayansi, kisha ndipo asome B.Ed ya miaka miwili. Kozi hiyo ina mlinzi wa pili, baraza lao la elimu ya walimu liitwalo NCTE, na ikitolewa kwa masafa hutolewa kwa walimu waliokwisha kupitia mafunzo, tena kwa muda usiopungua miaka miwili. Sasa rudini kwenye barua: miezi kumi na minane, kwa mtu asiye na shahada yoyote. Barua ilijikana yenyewe. Hata kama muhuri wake ni wa kweli, kilichoandikwa ndani hakiwezi kutokea kwa sheria za nchi iliyotoa muhuri.

Swali la tatu lilihusu kile kituo cha Malindi. Sheria za India za masomo ya masafa zinakataza chuo kumkodishia mtu mwingine jina lake ili afungue vituo. Na sheria yetu hapa Kenya inataka chuo cha nje kinachofundisha shahada nchini, au taasisi ya hapa inayoshirikiana nacho, kiwe na idhini ya Tume kwanza. Wakala alikuwa na karatasi ya kituo, nayo mwalimu alinionyesha. Ilikuwa cheti cha usajili wa jina la biashara, kile ambacho hata mimi ninacho kwa saiba yangu. Kinaniruhusu kuchapisha karatasi. Hakiniruhusu kutoa shahada. Chini yake palikuwa na nembo ya UNESCO na maneno kwamba chuo "kinatambuliwa" nayo. UNESCO haiidhinishi vyuo vikuu. Kila nchi huidhinisha vyake.

Na kuhusu ile shilingi 45,000, nambari ya kutuma pesa ilikuwa ya mtu, yenye jina la mtu. Nilimwambia mwalimu kwamba chuo kikuu chenye wahasibu na bodi hakiwezi kupokea karo ya mwanafunzi kwenye simu ya kijana mmoja.

Lakini nisingependa mseme tulimwokoa na yakaisha, kwani swali la nne lilimliza kuliko yote, na hilo halikumhusu wakala. Nilimuuliza: tuseme shahada ni halali mia kwa mia, je, TSC watakusajili kufundisha sekondari? TSC haitazami shahada peke yake. Kwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada, kipimo chao cha kawaida ni C+ kwenye kidato cha nne, na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Yeye ana C. Hata vyuo vyetu hapa, kipimo cha kawaida cha kuingilia shahada kutoka kidato cha nne ni C+, na mwenye diploma huingia kwa mlango wa diploma. Kwa hiyo mlango wa chuo ungeweza kumfungukia kwa diploma yake, na mlango wa TSC ukabaki na kufuli lake. Nilimshauri apeleke vyeti vyake kwenye ofisi ya TSC ya kaunti aulize njia yake, kabla ya kuchagua kozi yoyote, ya ndani au ya nje. Alikaa kimya muda. Kisha akasema, "Miaka yote hii hakuna aliyeniambia."

Waheshimiwa, maneno hayo ndiyo barua yangu.

Tulitumia saa mbili na data ya shilingi mia, na majibu yote yalikuwa wazi kwa umma. Lakini yalikuwa katika tovuti tofauti za nchi mbili, kwa Kiingereza cha sheria, na ilibidi mtu ajue kwamba orodha ya DEB ipo ndipo aitafute. Mwalimu wa Matondoni hawezi kujua hilo. Mimi mwenyewe nilijifunza baada ya mkufu wa dada kuuzwa.

Kwa Tume, ombi langu la kwanza ni hili: fungueni mlango wa kuuliza kabla ya kujiunga. Mtu alete jina la chuo, nchi, jina la kozi kama lilivyo kwenye barua, njia ya kusoma, muda, mahali pa mitihani, na alama zake za kidato cha nne. Ajibiwe kwa maandishi yenye tarehe: kwa hali ilivyo leo, shahada hii ikikamilishwa hivi, itatambuliwa au haitatambuliwa, na sababu ni hii. Najua hamwezi kuahidi ya miaka minne mbele, kwa sababu chuo kinaweza kunyang'anywa ruhusa katikati. Semeni hivyohivyo kwenye jibu. Tutafurahi na jibu lenye mpaka kuliko kukosa jibu.

Na katika jibu hilo tenganisheni maneno mawili ambayo watu wanayachanganya. Kutambuliwa ni kusema kwamba cheti ni cha kweli na kimetoka kwa chuo chenye haki ya kukitoa. Kulinganishwa ni kusema cheti hicho ni sawa na nini hapa kwetu. Kwenye mfumo wa taifa letu shahada ya kwanza iko ngazi ya 7 na diploma ngazi ya 6. Kitu chenye jina la shahada kwao kinaweza kutambuliwa kikamilifu na bado kisilingane na shahada yetu. Mzazi akisikia "kinatambuliwa" anaondoka akidhani yote mawili yamekwisha.

Ombi la pili kwa Tume ni dogo, na huenda likasaidia watu wengi zaidi. Kwenye orodha ya kozi zilizoidhinishwa, kila kozi iandikwe inafundishwa kwa njia gani na katika kampasi ipi, na kila ukurasa uwe na tarehe yake juu, ili ukikatwa na kutumwa WhatsApp ionekane ni wa lini. Sasa hivi masomo ya mtandao yamekuwa ya kawaida, hata serikali imeanzisha Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichopewa hati Agosti 2023, na vyuo vingi vya zamani vinafundisha kwa mtandao. Ni jambo jema kwetu sisi tunaovuka bahari kwanza ndipo tupande basi. Kwa sababu hiyohiyo mzazi anahitaji kuona kama kozi anayoitiwa mtoto wake ni ile inayofundishwa kwa mtandao, au ni ya darasani iliyovalishwa jina la mtandao na mtu wa kati.

Pia sheria inawapa kazi ya kuwapa leseni mawakala wanaoandikisha wanafunzi kwa vyuo vya nje. Tunaomba orodha yao iwekwe pale pale juu kwenye tovuti, kwa majina ya biashara na nambari za leseni. Nikiwa nayo nitaitundika mlangoni kwangu.

Kwa Tume na KNQA pamoja: Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inaipa Tume kazi ya kutambua na kulinganisha shahada za nje. Sheria ya 2014 iliyounda KNQA nayo inazungumzia viwango vya kutambua sifa za ndani na za nje. Wanasheria wanaweza kueleza zinavyokaa pamoja. Mwananchi wa Faza anayepanda boti mpaka Lamu mjini, kisha mpaka Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen mpaka Mombasa na kuendelea, anataka kujua meza moja ya kuendea. Kaeni pamoja muandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili: mwenye shahada ya nje aanze wapi, mwenye diploma ya nje aanze wapi, mwenye cheti cha ufundi aanze wapi. Ukurasa huo uletwe kwenye Huduma Centre yetu na kwenye ofisi za wadi.

Kwa kaunti na kamati za basari, ndugu zangu, hapa ndipo ninapowasihi zaidi, kwa sababu nyinyi mko karibu. Fomu ya basari inataka barua ya kuingia chuoni na mchanganuo wa karo. Mnaangalia kama baba hana uwezo, kama mtoto ni yatima, kama chifu ametia sahihi. Hayo ni haki. Ongezeni mstari mmoja: chuo kimeangaliwa kwenye orodha ya Tume, kozi imeangaliwa kwa jina lake, tarehe ya kuangalia, na jina la aliyeangalia. Kwa shahada ya nje ongezeni mwingine: mlinzi wa vyuo wa nchi hiyo ni nani, na orodha yake ya masomo ya masafa inasemaje. Karani mmoja kwa kila wadi anaweza kufundishwa kazi hii kwa siku moja. Pesa ya basari ikilipwa kwa kozi isiyotambulika, familia inapoteza mara mbili, na mtoto mwingine aliyekuwa na kozi halali amekosa fungu lake.

Msije mkadhani nawapiga vita watu wanaosoma nje au wanaosoma kwa masafa. Lamu imepeleka watoto kusoma ng'ambo ya bahari tangu zamani, na wamerudi na elimu iliyojenga misikiti na madarasa yetu. Hata wao leo, mtoto akirudi na shahada ya dini au ya lugha na akataka kufundisha shule ya serikali, anaulizwa barua ileile ya kutambuliwa. Wengi wao wangetafuta barua hiyo mapema kama wangejua kuna cha kutafuta, na wangechagua chuo huku wakijua.

Mpaka mtakapojibu, mimi nimeanza kwa uwezo wangu. Atakayeleta barua ya chuo kuchapisha, namuuliza kama ameiangalia. Kama hajaiangalia, tunaiangalia pamoja na simtozi kwa hilo. Namwandikia nyuma ya nakala: tumeangalia orodha gani, siku gani, tumeona nini. Wazazi wengine wanashukuru. Mmoja aliniudhikia, akasema namfungia mwanawe riziki, na barua yake akaipeleka kuchapishwa kwingine. Huyo nimekuwa nikimfikiria sana, kwa sababu kozi ya mwanawe sikuiona kwenye orodha yoyote, na mimi si Tume wala si kaunti. Neno langu ni la mwenye saiba tu. Lingekuwa na barua yenu nyuma yake, angelisikia.

Mwalimu wa Matondoni alirejea wiki iliyopita. Amekwenda TSC, amepewa maelezo ya njia yake, ni ndefu kuliko alivyotaka lakini ameielewa. Zile 45,000 bado anazo. Amepata kozi ya chuo cha hapa inayofundishwa kwa mtandao na wakati wa likizo, na jina la kozi tumelikuta kwenye orodha neno kwa neno. Ameniomba nimuulizie kwenu jambo moja nililoshindwa kumjibu: kama mitihani yake anaweza kuifanyia hapa Lamu, na kama kituo cha mitihani hiyo kinahitaji idhini ya peke yake. Muhula unaanza mwezi ujao. Tunangoja jibu lenu.

Wenu kwa heshima,

Mwenye saiba, Langoni, Lamu